Kifurushi cha amplifaya ya maiki: bayasi yake imenikera

Karibuni tena, jamani. Hiki ndicho kifurushi mlichokuwa mkiniulizia kwenye maoni. Transista moja ya BC547, umeme wa volti 12, unajichomea mwenyewe. Boksi na nyaya mnaviona, naviruka, maana kilichonikera ni bayasi, yaani umeme unaoiweka transista tayari kabla sauti haijaingia.

Tazameni beisi. Wameweka rezista moja tu, megaomu 1.5, kutoka volti 12. Inapitisha kama maikroampea 7.6, na mkondo wa kolekta ni huo mara beta, yaani mara ambazo transista inaukuza mkondo wa beisi. Sasa beta ya BC547, kwa karatasi ya data, ni popote kati ya 110 na 800!

Transista iliyokuja nayo ni ya kundi A, beta yake inasoma 180. Multimita kwenye kolekta: volti 7.5. Safi. Naing'oa, nachomeka ya kundi C, beta 520... haya, volti 0.1! Ilitaka kuvuta miliampea 3.9, lakini rezista ya kolekta, kiloomu 3.3, hairuhusu zaidi ya 3.6. Transista imeshiba, na sauti ndiyo hiyo, inakoroma.

Sasa natoa ile rezista. Naweka mbili za kugawa volti: kiloomu 47 juu, 10 chini. Beisi inakaa karibu volti 2. Kwenye emita naweka kiloomu 1. Beta 180: kolekta volti 7.4. Narudisha ile ya 520: volti 7.3. Mmeona? Transista zile zile!

Kinachotokea ni hiki: mkondo ukianza kupanda, volti ya emita nayo inapanda. Beisi haisogei, kwa hiyo volti kati ya beisi na emita inapungua, na transista inajibana yenyewe. Emita ina kama volti 1.4 juu ya kiloomu 1, basi mkondo ni kama miliampea 1.4, beta iwe yoyote.

Msije mkaweka kiloomu 470 na 100 kwenye mgawanyo ili kubana betri, kama walivyofanya kwenye ile bodi ya bluu ya video iliyopita. Mkondo wa mgawanyo unakuwa mdogo mno, beisi ikinywa kidogo tu volti yake inashuka. Nimejaribu hapa: 8.7 kwa beta ndogo, 7.9 kwa kubwa. Siyo mbaya kama rezista moja, lakini utulivu umepungua.

Ah, na rezista ya emita inakula ukuzaji: bila kapasita sambamba nayo unabaki na mara 3 hivi. Wekeni maikrofaradi 100, ishara ipite huko, na bayasi ibaki ilivyo.

Elfu kumi na tano kwa hiki? Mimi nisingetoa. Kikishuka hadi elfu nane, nunueni kwa ajili ya maiki na boksi, rezista tatu mtaongeza wenyewe. Na wale mnaosubiri video ya osiloskopu, ni wiki ijayo, msiniombe tena!