Uzoefu wangu na kijitabu cha mazoezi ya mpangilio wa vivumishi vya Kiingereza

Nilinunua kijitabu hiki kwa ajili ya mada moja tu: namna ya kupanga vivumishi kadhaa kabla ya nomino ya Kiingereza. Katika hilo kimenifaa, ingawa kina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua mapema.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kinaeleza sababu ya mpangilio kabla ya kumtaka msomaji aukariri. Maoni ya msemaji hukaa mbali na nomino, na sifa iliyomo katika kitu chenyewe, kama vile mahali kilikotoka au malighafi iliyotumika kukitengeneza, hukaa karibu nayo. Chukua kikapu kizuri, kidogo, cha rangi ya kahawia, cha Kenya, kilichosukwa kwa mkonge. Uzuri ni maoni, kwa hiyo hutangulia. Ukubwa hufuata, kisha rangi, kisha asili, na mkonge hugusana na nomino: “a beautiful small brown Kenyan sisal basket”. Kama kikapu ni cha zamani, “old” huingia baada ya “small” na kabla ya “brown”.

Jambo ambalo kijitabu hakilisemi, na lingemsaidia sana msomaji wetu, ni kwamba Kiswahili nacho husema “meza kubwa ya mbao”, ukubwa ukitangulia mbao. Hapo inatosha kuipeleka nomino mwishoni: “a big wooden table”. Hata hivyo, njia hii haiaminiki kwa rangi na maoni, kwa sababu sisi husema “gari jekundu zuri” bila kumshangaza mtu, ilhali “a red beautiful car” humkwaza msikilizaji wa Kiingereza.

Mazoezi ya mwanzo ni mazuri. Unapewa “cotton, lovely, blue” na sentensi “She bought a ___ dress”, nawe unajaza “lovely blue cotton”. Nyingine ni “They live in a ___ house” yenye “stone, old, large”, na jibu lake ni “large old stone”. Kuelekea mwisho, hata hivyo, mwandishi anarundika vivumishi sita katika sentensi moja, jambo ambalo wazungumzaji wa Kiingereza hawalifanyi kwa kawaida. Viwili au vitatu huwatosha.

Kasoro nzito zaidi ni ukimya kuhusu mkato. Vivumishi vya aina moja vinavyoweza kubadilishana nafasi hutenganishwa kwa mkato, kama “an honest, cheerful man”, lakini “a big red bus” haihitaji mkato, kwa kuwa ukubwa na rangi ni aina mbili tofauti. Rangi mbili za kitu kimoja nazo huunganishwa kwa “and”: “a black and white cow”. Ukurasa wa majibu una sentensi ya ng'ombe huyo bila “and”, kwa hiyo mwalimu atakayekitumia darasani airekebishe kwanza.