Gemu kwenye TV: kabla ya kulipa, pima padi inachelewa kiasi gani

Malalamiko ya wasomaji wangu yanafanana: "Nabonyeza shuti, beki anafika kabla mpira haujatoka." Muuzaji akiulizwa anasingizia intaneti, hata kwa gemu isiyotumia intaneti kabisa. Ugonjwa ni muda unaopotea tangu kidole kibonyeze padi hadi picha ibadilike. Katoni hailisemi hilo, kwa hiyo inchi na 4K leo nawaachia wengine.

Dukani, rekodi kwa simu video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, kidole na skrini vyote vionekane. Halafu isogeze picha moja moja, ukihesabu tangu kitufe kizame hadi mchezaji asogee. Tuseme umepata picha 36. Gawanya kwa 240: sekunde 0.15, na kwa mpira hiyo ni nyingi. Sasa washa Game Mode kwenye mipangilio ya TV, upime tena. Zikishuka hadi 18, basi nusu ya muda ule ilikuwa inaliwa na TV yenyewe, ambayo hushikilia picha kidogo ili ilainishe mwendo na kusafisha rangi.

Chaguo langu la kwanza ni PlayStation 4 Slim iliyotumika, kwenye TV yoyote yenye Game Mode. Ndiyo, napendelea, na sababu kubwa ni sidii: ukiichoka gemu unaiuza au mnabadilishana na jirani. Xbox Series S ya 2020 ina nguvu zaidi, lakini haina pa kuweka sidii. Kila gemu unaipakua, na nyingine inapita GB 50. Kama nyumbani mnaishi kwa bando, naiweka ya pili.

Ya tatu ni TV janja peke yake. Gemu zake ni zilezile za simu, na kwenye TV nyingi Game Mode inahudumia kifaa kilichochomekwa HDMI tu. Gemu zinazoendeshwa kwenye seva ya mbali na kukuletea picha tu kwa intaneti ndizo mbaya zaidi, maana kila ukibonyeza, amri inasafiri hadi seva na picha irudi.

Boksi la Android la bei poa lenye stika ya 8K: hilo ni la kuangalia filamu. Ukilazimika kulichezea gemu, chomeka padi ya waya.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaokataa kuwasha mashine ya mtumba mbele yako, kisha padi wanaiuza kando kana kwamba PS4 inachezwa kwa macho. Kabla hujatoa hela, ingiza sidii uone kama inasomwa. Ingia mtandaoni kwa akaunti yako, ujue kama mashine imefungiwa. Halafu cheza nusu saa: feni ikivuma au mashine ikijizima, mrudishie.