Kuoka ramani za kinyago cha ujamaa katika Blender: namba moja au ganda?

Kuoka ni kurusha miale kutoka modeli nyepesi, yenye nyuso chache, ili inase sura ya modeli nzito na kuiandika kwenye picha. Chukua kinyago cha Kimakonde cha Mtwara, watu wamepandana: mgongo na mkono vimeachana milimita 6, lakini kichwani modeli nyepesi imezama milimita 8 chini ya ile nzito.

Ukitumia `Extrusion` pekee, miale yote huanza umbali uleule juu ya modeli nyepesi, kisha hurudi ndani. Ukiweka 9, kichwa kinatoka safi, ila mgongoni miale inaanzia ndani ya mkono wa jirani na kunasa sura yake. Ukiweka 4, mgongo unapona, kichwa kinatoboka. Hakuna namba inayofaa kote.

Ganda ni nakala ya modeli nyepesi: itanue kwa `Alt+S`, milimita 9 kichwani, 3 mgongoni, kisha iteue kwenye `Cage Object`. Usiongeze wala kufuta uso hata mmoja. Mpangilio ukibadilika, uokaji unaharibika.

Kwenye ramani ya kivuli, weusi laini katika mwanya ni halali. Doa lenye kingo kali ni miale iliyopotea. Ramani ya mikunjo, inayookwa kwa `Pointiness` kupitia `Emit`, huliumbua zaidi: utaona vidole mgongoni. Kwa kinyago kama hiki, ganda tu. `Extrusion` ibaki kwa umbo sahili kama chungu cha kupikia.