Uzoefu wangu na kura za watazamaji: YouTube, WhatsApp na Google Forms kwenye chaneli ya zabibu

Naendesha chaneli ndogo ya kilimo cha zabibu hapa Dodoma, na kabla msimu wa kupogoa haujaanza huwa nawauliza watu wanataka video za nini. Nimeuliza kwa kura ya posti ya YouTube, kwa kura ya grupu la WhatsApp na kwa dodoso la Google Forms, swali lilelile, na majibu hayakufanana kabisa, ndo maana naandika hii kwa yeyote anayefikiria kuzitumia.

Ya YouTube ndo rahisi kuliko zote, mtu anagonga mara moja kaondoka. Niliweka machaguo manne: kupogoa, ugonjwa wa ubwiri unga, kuchagua miche, na bei na soko, bei ikaongoza kwa mbali sana. Sasa YouTube inakupa asilimia na jumla ya kura basi, nani kapiga huoni, na posti inaweza kumfikia hata mtu ambaye hajasabskraibu. Na zabibu ina watu wengi wanaoiwaza tu, mtumishi yuko mjini anatafuta ekari mbili Hombolo, mwingine yuko Dar kabisa, hao wote swali lao la kwanza ni inalipa kiasi gani. Mwenye mizabibu tayari ana jambo jingine, majani yake yameanza kuota unga mweupe na anataka dawa leo.

Hapo ndo Google Forms imenisaidia kwelikweli. Swali la kwanza naweka "Una mizabibu shambani sasa hivi?" ndo yanafuata mengine, alafu majibu nayasoma mafungu mawili. Hesabu yake iko hivi: chukulia wamejibu 200, wasio na shamba 140 na wenye shamba 60. Wasio na shamba 100 wanachagua bei, wenye shamba wanaochagua bei ni 10 na wanaochagua ubwiri unga ni 40. Ukijumlisha, bei ina 110 kati ya 200, imeshinda kwa zaidi ya nusu, wakati kwa wakulima wenyewe ni 10 kati ya 60 tu. Dodoso langu lilitoka na sura ya namna hiyo, na ile kura ya YouTube isingeweza kunionyesha. Washa pia Shuffle option order kwenye swali la machaguo, maana kuna watu wanagonga cha kwanza bila kusoma vingine. Ila maswali yasizidi manne, na namba ya simu usiiombe mwanzoni, watu wanafunga wanaondoka.

Grupu la WhatsApp ni la wakulima watupu kwa hiyo ungetegemea jibu safi, lakini kwenye grupu letu kila mtu anaona majina ya waliopiga na hesabu inavyokwenda kabla hata yeye hajapiga. Mwenyekiti wa ushirika akagonga kupogoa, nyuma yake wakafuatana karibu wote. Nilipomsalimia mzee mmoja wa Mpunguzi na kumuuliza yeye kwake nini kinamsumbua akaniambia, "Mwanangu, mimi shida yangu ni hilo unga kwenye vichala, lakini ningepigaje tofauti na mwenyekiti na jina langu linaonekana?" Kwa hiyo WhatsApp naitumia kupanga siku ya kwenda shamba, mada naulizia kwingine.

Na hata jibu la kweli linaweza kukupoteza. Video za bei nilizonazo nikazifungulia YouTube Studio nikaangalia mstari wa watazamaji, unashuka mapema, unapanda ghafla pale ninapotaja bei ya kilo, alafu unaanguka. Yaani bei wanaitaka kweli kabisa, ila wanataka namba, hawataki dakika kumi na mbili za maelezo, na bando lenyewe ndo hilo tunalolijua. Kura iliniambia mada, haikuniambia iletwe kwa namna gani. Siku hizi bei naiweka kwenye posti ya maandishi, video nikabakisha kwa magonjwa na kupogoa, vitu ambavyo lazima mtu aone mkono unakata wapi.

Swali lenyewe nimelibadilisha, siulizi tena "mnataka nini", nauliza "mara ya mwisho ulipotafuta video ya zabibu ulikuwa unatafuta nini?" Mtu anakumbuka alichofanya vizuri kuliko anavyokisia atakachopenda, na jibu naweza kulilinganisha na maneno ya utafutaji ambayo Studio inaonyesha yamewaleta watu kwenye video. Yakipishana sana, nayaamini ya utafutaji.

Wanaobaki nje ni wale wanaotazama kwa simu ya mtoto au ya jirani, hao hawajibu dodoso lolote, nawapigia mwenyewe au nawakuta siku ya mnada. Google Forms naipa nyota nne kati ya tano, kura ya YouTube tatu, ya WhatsApp kwa kazi hii moja.