Uzoefu wangu na FTS5 ya SQLite katika kutafuta ripoti za kahawa, Moshi

Hapa Moshi ninatunza ripoti 1,000 za mabwana shamba wanaowatembelea wakulima wa kahawa, na kwa muda sasa ninazitafuta kwa FTS5, sehemu ya hifadhidata ya SQLite inayopanga majibu kwa kuangalia neno limerudiwa mara ngapi ndani ya ripoti na ni ripoti ngapi zenye neno hilo. Ninaipa nyota nne kati ya tano.

Kanuni yenyewe, katika umbo lake jepesi, inaeleweka kwa mfano. Neno "kahawa" limo katika ripoti 900, kwa hiyo uzito wake ni logi ya 1,000/900, yaani takriban 0.046, ilhali "chulebuni", jina la ugonjwa wa kahawa lililomo katika ripoti 10 tu, lina uzito wa 2. Ripoti iliyotaja kahawa mara 20 bila kutaja ugonjwa huo hupata alama 0.92, na ile iliyotaja kila neno mara mbili hupata 4.09, nayo ndiyo niliyokuwa naihitaji. FTS5 hutumia kanuni iliyoboreshwa iitwayo BM25, ambayo huzingatia pia urefu wa ripoti na kupunguza faida ya kurudiarudia neno.

```sql
SELECT kichwa FROM ripoti
WHERE ripoti MATCH 'kahawa OR chulebuni'
ORDER BY bm25(ripoti);
```

Mwanzoni niliongeza `DESC` nikapata ripoti dhaifu juu, kwa sababu hapa alama ni hasi na iliyo ndogo zaidi ndiyo bora.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya lugha yetu. Programu hii huhesabu mfuatano wa herufi, haijui mzizi wa neno, hivyo "walinyunyizia", "amenyunyizia" na "tunanyunyizia" huwa maneno matatu tofauti, kila moja likionekana adimu kuliko lilivyo, na anayetafuta moja hayapati mengine. Kutafuta kwa herufi za mwanzo hakusaidii, maana kitenzi chetu hubadilika mbele.

Nilitengeneza jedwali la pili kwa `tokenize='trigram'`, linalokata maandishi katika herufi tatu tatu, na hapo "nyunyiz" ikayakusanya yote, uhaba wake ukipimwa kwa mzizi. Lakini nilipotafuta "kutu", ugonjwa wa majani, nililetewa pia "kutumia", "kutunza" na "kutupa"; neno lililokuwa adimu likageuka la kawaida, likapoteza uzito wake, na ripoti za kutu zikazama chini. Mwenye kutaka kulitambua tatizo hili ahesabu ripoti zinazorudi kwa neno hilo katika kila jedwali na kulinganisha.

Sasa majina ya magonjwa na dawa nayatafuta katika jedwali la kwanza, mizizi ya vitenzi katika la pili, na alama za majedwali hayo mawili sizijumlishi, kwa kuwa uhaba umepimwa kwa vipimo tofauti.