Uzoefu wangu na pdffonts na ocrmypdf: PDF inasomeka vizuri, ukinakili inatoa takataka

Kwenye kioo ukurasa uko safi. Unachagua aya, unainakili, unaibandika kwenye hati nyingine, na badala ya "Habari" unapata "+DEDUL". Nimetumia programu mbili za bure kushughulikia tatizo hili: pdffonts, inayokuja ndani ya kifurushi cha poppler-utils, na ocrmypdf. Zote huendeshwa kwa kuandika amri, hazina vitufe vya kubonyeza. Ya kwanza inapima ugonjwa, ya pili inatibu, na kila moja ina mipaka yake.

Kwanza, takataka hizo zinatoka wapi? PDF si lazima ihifadhi herufi kama tunavyozijua. Mara nyingi ukurasa unabeba namba tu: chora umbo la 43, kisha la 68, kisha la 69. Maumbo yenyewe yamo ndani ya fonti iliyofungwa pamoja na faili. Kwa kuonyesha ukurasa hilo linatosha. Ila kunakili kunahitaji kitu cha ziada, yaani jedwali linaloitwa ToUnicode, linalosema kwamba umbo la 43 ni H na la 68 ni a. Programu iliyotengeneza PDF ikiliacha jedwali hilo, msomaji wa PDF, yaani programu unayofungulia faili, hubaki kubahatisha. Baadhi huichukua namba kama ilivyo na kuifanya herufi, wengine hutoa vijisanduku vitupu, na wengine hawatoi chochote. Ndiyo maana faili moja huweza kutoa takataka za aina mbili tofauti kwenye programu mbili.

Hapo ndipo pdffonts inapofaa. Usiipime hati nzima kwa mkupuo; chagua ukurasa wenye shida, tuseme wa 12:

```
pdffonts -f 12 -l 12 ripoti.pdf
```

Majibu huja kama hivi:

```
name                 type         encoding   emb sub uni object ID
-------------------- ------------ ---------- --- --- --- ---------
AAAAAB+ArialMT       CID TrueType Identity-H yes yes no      14  0
AAAAAC+Arial-BoldMT  TrueType     WinAnsi    yes yes no      19  0
```

Safu ya uni ndiyo inayoeleza kama jedwali la ToUnicode lipo. Hapa fonti zote mbili hazina, lakini usikimbilie kuzihukumu sawa. Ya pili inatumia WinAnsi, mpangilio wa kawaida ambao kila msomaji wa PDF anaujua, hivyo vichwa vya habari vilivyokolezwa vitanakilika bila shida. Ya kwanza inatumia Identity-H, ambako namba haimaanishi chochote nje ya fonti hiyo yenyewe. Maandishi ya kawaida ya ukurasa huo ndiyo yatakayoharibika. Ukikuta Identity-H na uni ikisema no kwenye mstari mmoja, umempata mhalifu. Herufi sita na alama ya kujumlisha mbele ya jina zisikutishe; zinaonyesha tu kwamba fonti imepunguzwa ikabaki na maumbo yaliyotumika.

Kwa Arial na Times New Roman kuna bahati. Katika fonti hizo, herufi za kawaida zimepangwa ndani kwa mfuatano uleule wa ASCII, yaani namba za kawaida za herufi kwenye kompyuta, ila zimerudi nyuma kwa 29. H ni 72 kwenye ASCII, na ndani ya fonti ni 43, ambayo ndiyo namba ya alama ya +. Herufi a, yaani 97, inakuwa 68, ambayo ni D. Kwa hiyo "+DEDUL" inarudishwa kwa kuongeza 29:

```python
s = "+DEDUL"
print("".join(c if c == "\n" else chr(ord(c) + 29) for c in s))
```

Inatoka "Habari". Njia hii ni tamu kwa maneno, lakini ni ya hatari kwa takwimu. Tarakimu 0 hadi 9 zikirudishwa nyuma kwa 29 zinaangukia 19 hadi 28, eneo la alama za udhibiti zisizoonekana. Nafasi, nukta na mkato vinaangukia hukohuko. Sehemu nyingi unazobandikia huzitupa alama hizo kimyakimya, kwa hiyo maneno yanagandana na kiasi cha fedha kinatoweka bila kuacha pengo. Jedwali la bajeti lisirudishwe kwa njia hii kamwe. Tena, kama fonti imepangwa upya, herufi ya kwanza kutumika ikapewa 1 na inayofuata 2, hakuna hesabu moja itakayokusaidia.

Udhaifu mkubwa wa pdffonts ni kwamba inakuambia jedwali lipo au halipo, haikuambii kama ni sahihi. Mfano ulio karibu na sisi ni fonti ya Calibri, ambayo huunganisha t na i kuwa umbo moja. Umbo hilo halina namba yake katika Unicode, orodha ya namba za herufi za lugha zote. Jedwali zuri lingeandika kwamba umbo hili ni herufi mbili, t na i, na PDF inaruhusu hivyo. Jedwali bovu linaweka Ɵ. Kwa Kiswahili hilo linauma zaidi kuliko unavyodhani, maana "katika" inakuwa "kaƟka" karibu kila mstari, na ukitafuta neno hilo ndani ya hati huambulii kitu. Safu ya uni hapo inasema yes bila aibu. Dawa yake ni nyepesi, kwa kuwa Kiswahili hakina Ɵ popote. Toa maandishi kwa pdftotext, kisha sed ibadilishe kila Ɵ kuwa ti:

```
pdftotext ripoti.pdf - | sed 's/Ɵ/ti/g' > ripoti.txt
```

Pale ambapo hakuna hesabu wala ubadilishaji unaofaa, kinachobaki ni kuusoma ukurasa kama picha. Ocrmypdf inafanya hivyo kwa kutumia Tesseract, programu ya kutambua herufi kwenye picha, yenye data ya Kiswahili inayosakinishwa pembeni kwa jina swa:

```
ocrmypdf --force-ocr -l swa --pages 12-15 ripoti.pdf mpya.pdf
```

Chaguo la --force-ocr ndilo muhimu. Bila hilo programu inaona ukurasa tayari una maandishi, hata kama ni takataka, na inagoma. Ukiweka --skip-text itauruka ukurasa uleule unaotaka utibiwe. Hata --redo-ocr haifai hapa, kwa sababu inaondoa maandishi yaliyofichwa nyuma ya picha na kuyaacha yanayoonekana. Hati ikichanganya lugha, andika swa+eng.

Gharama yake ni kwamba ukurasa unageuzwa picha. Faili linanenepa na herufi zinapoteza ukali ukizikuza. Ndiyo sababu naweka --pages na kuacha kurasa zisizo na shida zilivyo. Baada ya hapo kagua tarakimu zote dhidi ya ukurasa wa awali, na uangalie ng', kwani ritifaa yake huweza kugeuzwa alama nyingine ya nukuu, na "ng'ombe" ikakataa kupatikana unapoitafuta.

Kama hati asili bado ipo, yote haya ni kuzunguka mbuyu. Mwombe mwenye nayo aitoe upya kwa amri ya kuhifadhi kama PDF badala ya kupitia printa ya PDF. Programu yake ikiruhusu kuchagua kiwango, achague PDF/A-2u, mojawapo ya viwango vya PDF za kuhifadhiwa muda mrefu. Herufi u inadai kila umbo liwe na tafsiri yake ya Unicode. PDF/A-2b haidai hivyo, na faili linaweza kufaulu ukaguzi wake huku likiendelea kutoa "+DEDUL".