Miaka miwili na pROC: inachora vizuri, ila neno lake "best" liliniponza

Mimi ni mtu wa maabara, si mtakwimu. Nilianza kutumia pROC nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kipimo cha damu, na tangu hapo kila mwezi kuna mwenzangu ananiletea laptopu yake nimsaidie kuchora mkunjo wa ROC, ule mchoro unaoonyesha kipimo kinavyotenganisha wagonjwa na wazima. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeitumia kazini, akaumia nayo mara mbili, na bado hajaiacha.

Kwa asiyeijua: pROC ni kifurushi cha bure cha R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Waliokitengeneza walikitambulisha kwa makala mwaka 2011, na ndani yake waliweka data halisi za wagonjwa 113 waliovuja damu ubongoni baada ya mshipa uliovimba kupasuka. Data hizo zinaitwa `aSAH`. Wagonjwa 72 waliishia kwenye hali nzuri, 41 wakaishia pabaya. Kila mmoja ana kiwango chake cha protini ya S100B kwenye damu, na swali ni hili: je, kiwango hicho kinaweza kututenganishia makundi hayo mawili? Nitatumia data hizohizo hapa, maana ukisakinisha kifurushi leo unaweza kunifuata hatua kwa hatua.

```r
library(pROC)
data(aSAH)
r <- roc(aSAH$outcome, aSAH$s100b,
         levels = c("Good", "Poor"), direction = "<")
plot(r, legacy.axes = TRUE)
ci.auc(r)
```

Hayo `legacy.axes = TRUE` usiyaache. Bila hayo, mhimili wa chini unaonyesha umahususi, nitakaoueleza hivi punde, ukianza na 1 kushoto na kushuka hadi 0 kulia. Umbo la mkunjo halibadiliki, lakini msomaji aliyezoea vitabu anatafuta sifuri kushoto na haioni. Mimi mara ya kwanza nilidhani nimegeuza data, nikapoteza jioni nzima.

Mkunjo wenyewe unajengwa hivi. Kompyuta inapanga viwango vyote vya S100B, inaweka kizingiti katikati ya kila viwango viwili vinavyofuatana, na kwa kila kizingiti inauliza maswali mawili. Kati ya wale 41 walioishia pabaya, wangapi wako juu ya kizingiti? Huo ndio unyeti. Kati ya wale 72 walioishia kwenye hali nzuri, ambao kuanzia hapa nawaita wazima, wangapi wako chini yake? Huo ndio umahususi. Kila kizingiti kinatoa nukta moja, na nukta zikiungwa unapata ngazi inayopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Ukishusha kizingiti unapanda ngazi: unanasa wagonjwa wengi zaidi, na unawatisha wazima wengi zaidi. Kwa hiyo nafasi yoyote kwenye ngazi ni mapatano kati ya makosa ya aina mbili, na mkunjo unakuonyesha bei zote kwa pamoja.

Kisha inakuja namba ambayo kila mtu anaikimbilia, eneo lililo chini ya mkunjo, AUC. Hapa kwenye S100B ni 0.73. Nilipoiwasilisha kwa mara ya kwanza, msimamizi wangu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniuliza, "Haya mwanangu, asilimia 73 ya nini?"

Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni asilimia ya wagonjwa ambao kipimo kimewapatia jibu sahihi.

"Kwa kizingiti kipi?"

Nikanyamaza. AUC haina kizingiti, ndiyo maana haiwezi kuwa asilimia ya majibu sahihi. Alichonionyesha siku ile kwa kalamu na karatasi sijakisahau. Chukua mgonjwa mmoja kati ya 41 na mwingine kati ya 72, uwaweke wawiliwawili kwa kila namna inayowezekana. Unapata jozi 41 × 72, yaani 2952. Sasa hesabu ni jozi ngapi ambamo aliyeishia pabaya ndiye mwenye S100B ya juu. Wakilingana, hesabu nusu. Kwenye data hizi jumla ni 2159. Gawanya kwa 2952 unapata 0.7314, na hiyo ndiyo AUC, bila kuchora chochote. Kwa hiyo ni asilimia 73 ya jozi. Kipimo cha kurusha shilingi kingepata nusu ya jozi, 0.5, na mkunjo wake ungelala kwenye mstari wa mshazari.

Ukilielewa hilo, utaona mara moja kwamba AUC haikuambii ufanye nini na mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yako. Yeye hajaja na mwenzake wa kumlinganisha.

Ninaipa pROC alama nyingi kwenye amri ya `ci.auc`. Inatumia mbinu ya DeLong, haraka sana, na inakupa masafa ya uhakika ya asilimia 95: hapa ni kutoka 0.63 hadi 0.83. Hayo ni masafa mapana. Mwisho wa chini ni kipimo dhaifu, mwisho wa juu ni kipimo cha maana. Wenzangu wengi huandika 0.73 peke yake kwenye muhtasari na kuacha masafa kwa sababu yanaharibu sura ya matokeo. Msomaji akikutana na AUC isiyo na masafa kutoka kwenye utafiti wa watu mia moja hivi, ana haki ya kuguna.

Sasa maumivu. La kwanza lilikuwa mwelekeo. Ukiacha kuandika `direction`, pROC inaangalia kundi lipi lina wastani wa kati ulio juu na kujiamulia yenyewe. Inakutaarifu, tena kwa maandishi ya wazi: `Setting direction: controls < cases`. Mimi nilikuwa nimezoea kuyapita kama tunavyopita masharti ya kadi ya simu. Kisha nikagawa data zangu kwa makundi ya umri, na kwenye kundi dogo la vijana AUC ikatoka juu kidogo ya nusu. Nikaiandika. Wiki kadhaa baadaye nikagundua kwamba kwenye kundi lile alama ilikuwa imegeuka kuwa `>`: pROC ilikuwa imeamua kwamba kwa vijana, kiwango cha chini ndicho cha ugonjwa. Kwa mwelekeo wa kweli AUC ilikuwa chini ya nusu, yaani kipimo hakikufaa kitu kwao. Dalili ya kosa hili ni rahisi: kama umechora mikunjo mingi na hakuna hata mmoja ulioanguka chini ya 0.5, hata kwa vipimo unavyojua havina maana, kagua mwelekeo. Tangu siku ile naandika `direction` na `levels` kwa mkono kila mara.

La pili ndilo lililonifanya niandike haya. Ukitaka kuchagua kizingiti, pROC inakupa hiki:

```r
coords(r, "best")
```

Inarudisha 0.205, umahususi 0.81, unyeti 0.63. Ni namba nzuri, na imeitwa "best", nani abishane nayo? Lakini iliyo bora kwa nani? Kinachofanyika kimyakimya ni kanuni ya Youden ya mwaka 1950: tafuta nukta ambapo unyeti ukijumlishwa na umahususi unakuwa mkubwa kuliko kwingine kote. Kanuni hiyo inachukulia kwamba kumkosa mgonjwa na kumtisha mzima ni makosa ya uzito mmoja, na kwamba wagonjwa ni nusu ya watu.

Zigeuze asilimia hizo kuwa watu. Kwenye 0.205 tunawanasa 26 kati ya 41. Kumi na tano wanapita bila kuonekana. Kati ya wazima 72, kumi na wanne wanatiwa wasiwasi bure. Sasa tuseme kwenye wodi yako kumkosa mmoja ni sawa na kuwatisha bure watano. Gharama ya 0.205 ni 15 × 5 + 14, yaani 89. Shuka hadi kizingiti cha 0.075: unawakosa wanne tu, unawatisha 56, gharama 76. Shuka tena hadi 0.065: unamkosa mmoja, unawatisha 62, gharama 67. "Best" imehama kutoka juu ya 0.2 hadi theluthi yake, na hatujagusa data hata kidogo. Tumebadilisha tu thamani ya kosa.

pROC inaweza kukufanyia hesabu hiyo, ila lazima uiombe. Namba ya kwanza ni uzito wa kumkosa mgonjwa, ya pili ni sehemu ya wagonjwa katika watu wako:

```r
coords(r, "best", best.weights = c(5, 41/113))
```

Kuna jambo hapa ambalo mkunjo haukuonyeshi kamwe. Kama ungetupa kipimo kabisa na kuwahesabu wote 113 kuwa wako hatarini, usingemkosa yeyote na ungewatisha 72: gharama 72. Kipimo chetu kwenye kizingiti chake kizuri kuliko vyote kinaokoa vizio vitano tu kuliko kutopima. AUC ni ileile 0.73. Kwa daktari mwenye bei hiyo, S100B peke yake haimsaidii karibu chochote, na hilo nisingeliona kama ningeishia kwenye 0.205.

Na namba ya pili nayo si pambo. Chukua 0.205 uipeleke mahali ambapo kati ya watu 1000 ni 50 tu watakaoishia pabaya. Utawanasa 32 hivi, na utawatisha karibu 185. Kila majibu saba yanayosema "hatari", ni moja tu la kweli. Unyeti na umahususi havijabadilika, waliobadilika ni watu waliosimama kwenye foleni.

Lalamiko langu la mwisho ni dogo. Kizingiti kilichochaguliwa kwenye data zilezile zinazotumika kukipima huwa kinajisifu, na pROC haitoi onyo lolote juu ya hilo. Ipo `ci.coords`, inayochukua sampuli tena na tena kutoka kwenye data zako na kukuonyesha "best" inavyorukaruka. Iendeshe ukiwa na `x = "best"`, `ret = "threshold"` na `best.policy = "random"`, halafu tazama upana wa masafa kabla ya kumwambia mtu yeyote namba yenye desimali tatu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya neno hilo `"best"`. Wangeliita `"youden"` tu, nami ningemaliza tasnifu muhula mmoja mapema.